Mteja Akisifu Mshono: Namna ya Kumshukuru Hadharani na Kukaribisha Oda

Kwenye kichen pati, sendofu au sikukuu ya Idi, gauni lililokaa vizuri halimalizi nusu saa kabla mtu hajamvuta pembeni aliyelivaa na kumuuliza, "Umeshonea wapi?" Swali hilo limewalisha mafundi cherehani wetu miaka na miaka. Anayeuliza ameiona nguo mwilini mwa mtu anayemjua, ameona kiuno kilivyokaa na pindo lilivyonyooka. Anayejibu hapewi hata shilingi kwa kumtaja fundi, ndiyo maana jibu lake huaminiwa.

Simu imelipeleka swali hilo mbali zaidi. Mteja anamtumia fundi meseji ya shukrani kwenye WhatsApp, fundi anapiga skrinishoti, anaiweka stetasi au Instagram, kisha anaandika chini yake asante na karibuni. Kazi ya dakika mbili tatu. Hata hivyo, mafundi wawili wa mtaa mmoja, wenye mkono sawa, wanaweza kuweka posti za aina hiyo siku moja, mmoja akapata wateja na mwingine akapata vidole gumba tu. Kinachowatenganisha ni mambo matatu: ni maneno gani ya mteja yameachwa yaonekane, ni yapi yamefichwa, na kama mwaliko unalingana na kazi iliyokwisha kuandikwa kwenye daftari la fundi.

Mteja mpya anaogopa nini

Mtu ambaye hajawahi kushona kwako hana shaka sana kama unajua kushona. Cherehani ipo, nguo zimetundikwa mlangoni, anaziona. Hofu zake ni nyingine.

Hofu ya kwanza ni siku. Karibu kila mwanamke aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi anayo hadithi ya "njoo kesho". Anakwenda kesho anakuta nguo imekatwa tu, anakwenda keshokutwa anaambiwa umeme ulikatika, na asubuhi ya sherehe yupo kibandani anasubiri vifungo vishikizwe. Hofu ya pili ni mwili wake mwenyewe: tumbo, mikono, nyonga, au mabega ambayo hayalingani na ya dada wa kwenye picha. Hofu ya tatu ni kitambaa. Amekinunua mwenyewe, pengine ni zawadi ya mumewe au ni sare ya ukoo ambayo dukani imekwisha, na kitambaa kikishapitiwa na mkasi hakirudi.

Sasa chukua meseji inayosema, "Asante dada, nguo nzuri sana, nimeipenda." Ni maneno mema na fundi ana haki ya kuyafurahia, lakini hayagusi hofu hata moja kati ya hizo tatu. Msomaji wa stetasi anayapita kama anavyopita salamu. Meseji yenye thamani ni ile ambayo ndani yake mteja ametaja kitu alichokiogopa kisha akasema kimekwendaje. Meseji za namna hiyo huja zenyewe mara chache. Mara nyingi huja fundi akiuliza vizuri. Siku moja au mbili baada ya sherehe, ukiuliza "Gauni limeonaje?" utajibiwa "Zuri." Ukiuliza "Dada, kile kiuno ulichokuwa na wasiwasi nacho kilikaaje ulipokaa chini na ulipocheza?" utajibiwa kwa kirefu, na jibu hilo litakusaidia hata kama hutaliweka popote, maana litakuambia mkono wako umekosea wapi.

Meseji moja kwa karibu

Tuchukue mfano. Fundi mmoja ana cherehani mbili na msaidizi mmoja. Mteja amemletea kitenge cha yadi 4 siku ya Jumatatu, anataka gauni refu lenye bitana la kuvaa kwenye sendofu ya mdogo wake. Amepimwa siku ile ile, amekuja kujaribisha Jumatano ya wiki iliyofuata, na Ijumaa amechukua nguo. Jumapili jioni anaandika hivi:

"Dada fundi asante jamani. Gauni limekaa mpaka mama mkwe kauliza nimeshonea wapi. Nilikuwa naogopa kiuno maana nimejifungua juzi juzi tu ila umeniachia nafasi nimecheza hadi mwisho. Na ile Ijumaa uliyosema ndiyo Ijumaa kweli, sijakaa benchi kusubiri. Mungu akubariki."

Ndani ya meseji hiyo fupi mna mambo manne. Mama mkwe anachekesha na anaaminika, kwa sababu kila mtu anajua mama mkwe hasifii ovyo. Kiuno kinamjibu mwenye hofu ya mwili. Ijumaa inamjibu mwenye hofu ya siku, na kwa biashara ya ushonaji hiyo ndiyo sentensi ya thamani kuliko zote. La nne ni kujifungua, nalo ni siri ya mteja. Alimwambia fundi wake, hakuuambia mtaa mzima.

Fundi anayejua kazi yake anaona pia kitu ambacho mteja hakukijua. Ile "nafasi" haikuja kwa bahati. Kwa kawaida mshono wa ubavuni huachiwa nusu inchi ya kitambaa kwa ndani. Kwa mteja huyu fundi aliacha inchi nzima, kwa kuwa mwili wa mama aliyejifungua karibuni hubadilika kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuvaa. Mbavu ni mbili, kila mshono una ukingo wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo nusu inchi ya ziada kwa kila ukingo inatoa jumla ya inchi 2 za kupanua bila kuongeza kitambaa. Siku ya kujaribisha aliachia kidogo, nyingine ikabaki ndani. Sentensi mbili za maelezo kama hayo chini ya skrinishoti zinamfundisha msomaji kitu na zinamwonyesha kwamba sifa zile zina sababu.

Ruhusa kwanza

Mafundi wengi huruka hatua hii kwa sababu mteja mwenyewe ndiye aliyetuma meseji na picha. Lakini aliyekutumia wewe amekutumia wewe. Pengine mume hajui gauni limegharimu kiasi gani. Pengine sare ile ilipaswa kuonekana kwanza siku ya harusi. Nguo ya bibi harusi, hasa, haiwekwi popote kabla ya siku yenyewe, hata ikiwa juu ya sanamu ya dukani bila uso wa mtu.

Kuomba ruhusa hakuhitaji barua. Meseji kama hii inatosha: "Asante sana dada, umenifurahisha. Naomba ruhusa niweke maneno yako na picha ya gauni kwenye stetasi na Instagram. Jina na namba sitaonyesha, na ile habari ya mtoto nitaifunika. Uso niuache au niukate?" Angalia kwamba anaombwa vitu vilivyotajwa kimoja kimoja, na anaachiwa nafasi ya kukubali kimoja na kukataa kingine. Akisema "weka tu maneno, picha hapana", unaweka maneno tu. Asipojibu, kunyamaza kwake si ndiyo. Jibu lake lisifutwe kwenye simu, na siku yoyote akisema "naomba utoe", itolewe bila maswali.

Jambo hili limeingia pia kwenye sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia. Jina, namba ya simu na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa zake. Kenya, yenye sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2019, imekwisha kuonyesha kwamba mambo haya si ya mzaha. Mwezi Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ilikiadhibu kiwanja kimoja cha starehe jijini Nairobi kwa faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Wakati huo huo shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila idhini ya wazazi. Fundi wa mtaani hafanani na kiwanja cha starehe, lakini anayeshona sare za shule au magauni ya watoto wa kipaimara ajue kwamba picha ya mtoto inaombwa kwa mzazi, na palipo na shaka nguo ipigwe picha ikiwa imetundikwa.

Kuficha ni ufundi pia

Juu ya skrinishoti ya WhatsApp pana jina ulilomsevia mteja, au namba yake, na picha yake ya profaili. Wengi husahau kwamba jina la kwenye simu ya fundi mara nyingi hueleza mengi: jina la mtoto, mtaa, hata "deni elfu 20". Njia salama kuliko zote ni kukata sehemu yote ya juu ya picha, yabaki maneno peke yake.

Kwa sentensi iliyo katikati, kama ile ya kujifungua, kukata hakusaidii, inabidi kufunika. Hapo kuna kosa linalorudiwa kila siku. Simu nyingi zina kalamu mbili za kuchorea juu ya picha. Moja ni nzito, nyingine ni ya kupigia mstari wa rangi inayopitisha mwanga. Ukipaka ile ya pili kwa rangi nyeusi, kwa macho yako maneno yanaonekana yamepotea. Lakini mtu akiichukua picha ile na kuongeza mwangaza kwenye simu yake, maneno yanaibuka chini ya wino. Tumia kalamu nzito, au weka kipande cha umbo lililojazwa rangi, kisha ujaribu mwenyewe kuongeza mwangaza kabla hujaposti.

Kufunika kunaruhusiwa, kubadilisha hakuruhusiwi. Mteja akiandika "mikono ilinibana kidogo ila gauni zuri", huwezi kufunika nusu ya kwanza ukaacha ya pili. Ama uiache yote na ueleze kwamba umeirekebisha mikono, ama usiiweke. Kwa kweli posti ya namna hiyo, yenye kasoro iliyorekebishwa, huvuta watu, kwa sababu mteja mpya anataka kujua itakuwaje nguo yake ikibana.

Picha ya nguo nayo ichunguzwe pande zote kabla ya kutoka. Mara nyingi tatizo liko nyuma ya gauni: watoto wanacheza, cheti kimetundikwa ukutani, gari limesimama na namba zake. Kata kuanzia kidevuni hadi pindoni. Kama mteja amekubali kuonekana, chagua picha iliyopigwa mchana karibu na dirisha au nje kwenye kivuli, kwa sababu taa ya njano ya sebuleni hubadilisha rangi ya kitenge, halafu atakuja mtu anataka "ile ya kahawia" ambayo kumbe ni nyekundu. Ukiweza, ongeza picha moja ya ndani ya nguo kabla haijachukuliwa, inayoonyesha kingo zilivyopigwa ovaloki na bitana ilivyokaa. Wanawake wanaojua kushonesha hugeuza nguo kwanza kabla ya kuisifu.

Vipi kama mteja ametuma sauti? Sauti humtambulisha mtu haraka kuliko maandishi, ndugu zake wote wataijua. Mwombe akuruhusu uandike maneno yake kama alivyoyasema, useme wazi kwamba umeyaandika kutoka kwenye sauti.

Shukrani na mwaliko

Sasa fundi wetu anakaa kuandika maneno ya chini ya picha. Haya ndiyo yanayomjia kwanza, kwa sababu ndiyo aliyoyaona kwa wengine: "Wateja wetu wanafurahi!!! Sisi ndio namba moja mjini!!! Wahi oda yako sasa, bei inboksi." Tatizo la maneno hayo ni kwamba yanamnyamazisha mteja. Msomaji alikuwa tayari kumsikiliza mtu asiye na faida yoyote, ghafla fundi anaingia kati kwa sauti kubwa na kujisifu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Gauni limekwisha kujiuza, kazi ya fundi hapa ni kuelekeza njia tu.

Anafuta, anaandika upya:

"Mteja wetu alihitaji gauni la kitenge la sendofu ya mdogo wake, na hofu yake ilikuwa kiuno na siku. Haya ni maneno yake, tumeyaweka kwa ruhusa yake. Asante dada kwa kutuamini na kitambaa chako, na kwa kuja kujaribisha siku tuliyokubaliana, ndiyo iliyotuwezesha kumaliza mapema. Kiuno tuliachia nafasi ndani, kwa hiyo hata mwili ukibadilika gauni linapanuliwa. Kama una kitenge kabatini na hujui kishonwe nini, karibu tuongee. Gauni refu lenye bitana kama hili, ukija na kitambaa chako, ushonaji ni kuanzia shilingi 45,000 pamoja na zipu na bitana. Tunahitaji wiki 2. Kwa sasa zimebaki nafasi 2 za kuchukua nguo kabla ya tarehe 20."

Shukrani imetaja kitu alichokifanya mteja: alikuja kujaribisha siku ya miadi. Hiyo ni heshima kwake, na papo hapo inamwambia msomaji, bila kumhubiria, kwamba kujaribisha ni lazima na kwamba kuchelewa kwa nguo wakati mwingine huanzia kwa mteja. Mwaliko haumsukumi mtu. Unamwanzia alipo, yaani na kitambaa kilicholala kabatini. Bei imeandikwa pamoja na kinachoingia ndani yake, kwa kuwa ugomvi mwingi wa siku ya kuchukua nguo huanzia kwenye zipu na bitana ambazo mteja alidhani zimo na fundi alidhani hazimo. Ile desturi ya "bei inboksi" humfanya mwenye haya aondoke kimya, na humletea fundi meseji nyingi za watu wanaouliza tu.

Neno "kuanzia" libaki hapo kwa haki. Lesi yenye shanga hukatwa polepole na huvunja sindano, satini huteleza, na mishono yenye marinda mengi hula muda. Bei ya kitenge haiwezi kuwa bei yao.

Mwaliko hutoka kwenye daftari

Zile "nafasi 2" si maneno ya kuwatia watu presha. Zimehesabiwa, na hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya kalamu.

Kwa fundi wetu, gauni refu lenye bitana linakula siku moja na nusu ya mtu mmoja, tangu kukata hadi kupiga pasi. Yeye na msaidizi wake wanafanya kazi siku 6 kwa wiki, kwa hiyo kwa wiki wanazo siku 12 za kazi. Anatoa siku 2 kwa ajili ya marekebisho, umeme kukatika na dharura ya msiba, maana mteja wa nguo za msiba haambiwi arudi wiki ijayo. Zinabaki siku 10. Ukigawa kwa moja na nusu unapata magauni 6, na kidogo kinabaki. Daftari linaonyesha magauni 4 tayari yameahidiwa wiki ile. Nafasi ni 2.

Sasa tuseme angeandika "karibuni wote", wakaja watu 5. Magauni yangekuwa 9, nayo yangehitaji siku 13 na nusu. Hata akifuta akiba yake yote na kutumia siku zote 12, bado asingemaliza. Mtu mmoja, au hata watatu kama akiba ingeliwa na dharura, wangekaa benchi Ijumaa wakisubiri, na wa kwanza kukasirika angeikumbuka ile posti iliyosifu Ijumaa isiyochelewa. Sifa ya siku ni ahadi mbele ya watu. Kila anayeleta kitambaa baada ya kuisoma anakuja na ahadi hiyo mkononi.

Hatari hii hupanda sana kabla ya Idi, Krismasi na kufunguliwa kwa shule. Katika majuma hayo fundi hupokea meseji nyingi za sifa kwa mpigo, na hamu ya kuziweka zote ni kubwa. Afadhali azihifadhi na kuzitoa taratibu katika miezi mikavu, kwa mfano Januari, wakati watu wamelipa ada na cherehani zimepoa. Meseji ya Desemba ikiwekwa Februari haiharibiki, mradi aandike kwamba ni ya Desemba.

Nani anaiona, na akija unamwambiaje

Stetasi ya WhatsApp huonekana kwa watu mliosevuana. Mteja ambaye ana namba yako kwenye kipande cha karatasi, au alikupigia mara moja tu, haioni hata uposti kutwa. Kwa hiyo kazi ya posti huanza siku ya kukabidhi nguo, unapomwomba mteja asevu namba yako mbele yako na wewe ukasevu yake. Stetasi hudumu saa 24, kisha inapotea. Instagram nako hadithi fupi hupotea hivyo hivyo, isipokuwa ukiihifadhi kwenye Highlights, ambako mgeni anayefika mara ya kwanza anaweza kusoma sifa za mwaka mzima.

Moja kwa siku inatosha. Stetasi zikirundikana hadi vile vistari vya juu vikawa kama mshono wa cherehani, mtu huanza kubonyeza haraka afike mwisho, na meseji ya mama mkwe inapita bila kusomwa.

Anayejibu posti kwa kawaida huja na moja ya maswali mawili. La kwanza ni "Naweza kupata kama hilo hilo?" Jibu la kweli ni kwamba mshono unawezekana, kitenge kile huenda hakipo tena sokoni, na kwa mwili mwingine mshono ule ule hukaa vingine. Fundi mzuri humwomba picha yake akiwa amesimama, humuuliza anapenda kuficha nini na kuonyesha nini, kisha hupendekeza mabadiliko kabla ya kukata chochote.

La pili ni "Mimi niko mkoani, itakuwaje?" Hapa ndipo palipo na hatari kubwa ya kuiharibu ile sifa, kwa sababu hakuna kujaribisha. Vipimo vya kutumiwa kwa simu vikosapo, hukosa kwa inchi 2 au 3, kwa kuwa mtu amejipima mwenyewe, ameinama kusoma futi, au amepima juu ya nguo nene. Aombwe apimwe na mtu mwingine akiwa amesimama wima na amevaa nguo nyepesi: kifua, kiuno, nyonga, upana wa mabega, urefu wa mkono, na urefu kutoka begani hadi anapotaka pindo lifike. Lililo bora zaidi ni kutuma kwa basi, pamoja na kitambaa, gauni lake moja ambalo linamkaa vizuri. Fundi hulilaza mezani na kulilinganisha na namba alizoandikiwa. Kama kiuno cha gauni na kiuno cha kwenye meseji vinapishana sana, anapiga simu kabla ya kushika mkasi. Na mteja wa namna hii aambiwe mapema kwamba mishono itaachiwa nafasi zaidi ndani, ili fundi wa kule aliko aweze kumpunguzia au kumpanulia.

Kianzio kipokelewe vipimo vikishakubaliwa, kiandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, na mteja atumiwe picha ya ukurasa huo ukiwa umefunikwa majina ya wengine.

Sifa za kutengeneza

Msomaji ambaye ni mteja atauliza: nitajuaje kwamba sifa hizi hazikuandikwa na fundi mwenyewe kwa simu ya shemeji yake? Zipo alama. Meseji za watu tofauti huwa na mikono tofauti: mmoja hukata maneno, mwingine huandika kwa herufi kubwa, mwingine hachoki kuweka vikopa. Meseji 10 zenye mwandiko mmoja na nukta zilizokaa mahali pake zote zinatia shaka. Sifa isiyo na nguo pembeni inatia shaka pia. Zaidi ya yote, tazama kama nguo ya kwenye picha imepigwa mahali palipofanana na Tanzania yetu, au ni picha safi ya mwanamitindo ambayo umeiona kwa mafundi wengine watano. Google Lens inaweza kukuonyesha picha hiyo ilipotumika kwingine.

Fundi anayeweka picha ya mtindo aliouona mtandaoni hana kosa, ilimradi aandike kwamba huu ni mfano na si kazi yake. Kosa ni kuiweka chini ya maneno ya shukrani ya mteja wake kana kwamba ndiyo aliyoishona. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji. Adhabu inayowahi kufika, hata hivyo, ni siku ya kuchukua nguo, mteja anapoifungua simu na kuuliza mbona haifanani.

Fundi wetu aliweka posti yake Jumatatu asubuhi. Tuseme kufika jioni wawili wamekwisha kutoa kianzio na wa tatu anauliza. Nafasi za kabla ya tarehe 20 zimekwisha, kwa hiyo anarudi kwenye posti, anaifuta ile sentensi ya mwisho na kuiweka nyingine: "Wiki hii tumejaa, tunapokea nguo za kuchukua kuanzia tarehe 27." Huyo wa tatu ataamua mwenyewe kama anaweza kusubiri. Na kama wiki ijayo nayo itajaa na meseji nyingine nzuri ikaingia, ataiweka ikiwa na asante peke yake, bila mwaliko wowote.